Kusoma Viwianishi na Matabaka katika Ramani za PDF: Mfano wa Dunga, Kisumu

1. Utangulizi

Mtafiti wa lahaja au wa majina ya mahali hukusanya maneno pamoja na mahali yanaposemwa. Neno lisilo na mahali haliwezi kutiwa katika ramani ya lugha, na neno lililotiwa mahali pasipo pake hupotosha zaidi kuliko neno lililoachwa. Katika mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, jambo hili lina uzito wa pekee. Ufuko wa Dunga, ulio kusini ya mji wa Kisumu, ni mahali pa wavuvi wasemao Dholuo, nao una msamiati wake wa maji, samaki na mafunjo. Lakini mwendo wa kilomita thelathini hivi kuelekea kaskazini humfikisha mtu katika nchi ya Waluhya, ambako lugha ni za jamii nyingine kabisa: Dholuo ni lugha ya Kiniloti, na Luluyia ni ya Kibantu. Kosa dogo la tarakimu laweza kumhamisha msemaji kutoka jamii moja ya lugha hadi nyingine.

Siku hizi ramani nyingi humfikia mtafiti zikiwa katika faili la PDF. Faili hilo huonekana kwenye kioo cha kompyuta kama picha tu, na watafiti wengi hulitendea hivyo: hulitazama, hukisia mahali, kisha huandika namba kwa makadirio. Hata hivyo, mara nyingi ndani ya faili hilohilo mna habari mbili zisizoonekana kwa macho. Ya kwanza ni viwianishi, yaani jozi za namba za latitudo na longitudo zinazoufunga ukurasa na uso wa dunia. Ya pili ni matabaka, yaani ramani iliyogawanywa katika makundi ya maji, barabara, majina na mengineyo, ambayo yaweza kusomwa kila moja peke yake. Makala haya yanaeleza jinsi habari hizo mbili zinavyosomwa na kupelekwa katika programu ya kuchorea ramani kama QGIS, na jinsi ya kutambua zinapokuwa zimesomwa vibaya.

2. Ukurasa na dunia

Ukurasa wa PDF una vipimo vyake wenyewe. Kizio chake huitwa pointi, nayo ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Hesabu huanzia pembe ya chini ya kushoto: namba ya kwanza huenda kulia, na namba ya pili huenda juu. Ukurasa wa kawaida wa A4 una upana wa pointi 595 na kimo cha pointi 842 hivi. Vipimo hivi havina uhusiano wowote na Dunga wala na Ziwa Viktoria; ni vipimo vya karatasi.

Ili ukurasa ufungwe na dunia, mtayarishaji wa ramani huandika ndani ya faili maelezo ya ziada. Ziko namna mbili zilizoenea za kufanya hivyo, nazo zote zilitangazwa hadharani mwaka 2008. Moja ilitoka katika kampuni ya TerraGo, nayo hutambulikana kwa jina `LGIDict` ndani ya faili. Nyingine ilitoka katika kampuni ya Adobe, nayo iliingizwa katika kanuni ya kimataifa ya PDF, ISO 32000-2, mwaka 2017. Mfano utakaofuata ni wa namna hii ya pili.

Tuseme pana ramani ya Dunga na maeneo ya jirani, katika faili liitwalo `dunga.pdf`. Ramani hii imebuniwa kwa ajili ya maelezo, na namba zake zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Lakini mahali inapoonyesha ni mahali halisi. Maelezo yake ya kijiografia, yakiisha kupunguzwa, ni haya:

```
/BBox [60 60 540 780]
/Measure << /Subtype /GEO
  /LPTS [0 0  0 1  1 1  1 0]
  /GPTS [-0.20 34.70  -0.08 34.70
         -0.08 34.78  -0.20 34.78] >>
```

Mstari wa kwanza unataja fremu ya ramani katika ukurasa: inaanzia pointi 60 kutoka kushoto na 60 kutoka chini, na kuishia pointi 540 na 780. Kwa hiyo fremu ina upana wa pointi 480 na kimo cha pointi 720. Namba za `LPTS` zinataja pembe nne za fremu hiyo kwa mfuatano: chini kushoto, juu kushoto, juu kulia, chini kulia. Namba za `GPTS` zinatoa latitudo na longitudo ya kila pembe kwa mfuatano uleule. Alama ya kutoa mbele ya latitudo ina maana ya kusini ya ikweta.

Mara nyingi maandishi haya hayawezi kusomwa kwa kulifungua faili katika programu ya kuhariria, kwa kuwa yamebanwa ili faili liwe dogo. Mtu anayetaka kuyaona kwa macho yake aweza kuyafungua kwa amri hii, kisha akatafuta neno `GPTS` katika faili jipya:

```
qpdf --qdf --object-streams=disable dunga.pdf wazi.pdf
```

3. Hesabu ya kitone cha Dunga

Fremu inachukua longitudo kutoka 34.70 hadi 34.78, yaani digrii 0.08 kwa pointi 480. Latitudo inatoka -0.20 hadi -0.08, yaani digrii 0.12 kwa pointi 720. Kila upande, pointi moja ni sawa na sehemu moja ya 6000 ya digrii. Karibu na ikweta, kiasi hicho ni mita 18.5 hivi ardhini.

Katika ramani hii, ufuko wa Dunga umewekewa kitone kilicho pointi 282 kutoka kushoto na pointi 390 kutoka chini ya ukurasa. Kwanza huondolewa ukingo wa karatasi, ambao ni pointi 60 kila upande. Zinabaki 222 na 330. Kisha kila namba hugawanywa kwa 6000 na kujumlishwa na kiwianishi cha pembe ya chini kushoto:

```
longitudo = 34.70 + 222/6000 = 34.737
latitudo  = -0.20 + 330/6000 = -0.145
```

Hapo ndipo ulipo ufuko wa Dunga. Programu ya kompyuta hufanya hesabu hii yenyewe, na mtafiti hana haja ya kuirudia kwa kila jina. Lakini inafaa aifanye kwa mkono angalau mara moja kwa kila ramani mpya, akichagua mahali anapopajua kwa hakika, kwa kuwa huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba faili limesomwa sawasawa.

Ipo tahadhari moja. Hesabu hii nyepesi inafaa tu pale mistari ya latitudo na longitudo inapokuwa sambamba na kingo za fremu. Ramani nyingi zimechorwa kwa mfumo wa UTM, ambao hupima kwa mita, na humo mistari hiyo huinama kidogo. Kwa ramani za namna hiyo programu hugeuza kwanza viwianishi vya pembe nne viwe mita, kisha hutafuta uwiano kati ya mita na pointi.

4. Kusoma kwa programu

Chombo kinachotumiwa zaidi katika kazi hii ni maktaba ya programu iitwayo GDAL, ambayo pia ndiyo inayoiwezesha QGIS kufungua ramani za PDF. Hatua ya kwanza ni kuuliza faili lina nini:

```
gdalinfo -mdd LAYERS dunga.pdf
```

Jibu lina sehemu mbili zinazofaa kutazamwa kwa makini. Sehemu ya kwanza hutaja mfumo wa viwianishi na kuorodhesha pembe za picha. Kama pembe hizo ni namba za digrii au za mamilioni ya mita, ramani imefungwa na dunia. Kama mfumo haukutajwa, na pembe zinaanzia sifuri na kuishia katika idadi ya pikseli, faili ni picha tupu. Hapo mtafiti hana budi kuifunga mwenyewe kwa kuchagua mahali panne au zaidi anapopajua, na kuviandika viwianishi vyake kwa mkono.

Sehemu ya pili ni orodha ya matabaka. Katika mfano huu ingeonekana hivi:

```
Metadata (LAYERS):
  LAYER_00_NAME=Maji
  LAYER_01_NAME=Mafunjo
  LAYER_02_NAME=Barabara
  LAYER_03_NAME=Vituo
  LAYER_04_NAME=Majina
```

Uwezo wa kutia matabaka uliingizwa katika PDF toleo la 1.5, mwaka 2003. Kwa msomaji wa kawaida, faida yake ni kuweza kuficha barabara ili aone mito. Kwa mtafiti, faida ni kubwa zaidi, maana aweza kulitoa tabaka moja peke yake. Amri ifuatayo hutoa picha ya maji na mafunjo tu, bila majina wala barabara, ikiwa bado imefungwa na dunia:

```
gdal_translate dunga.pdf kinamasi.tif \
  --config GDAL_PDF_LAYERS "Maji,Mafunjo"
```

Ikiwa ramani ilichorwa kwa mistari, wala haikupigwa picha, tabaka laweza kutolewa likiwa maumbo yanayoweza kupimwa na kuhesabiwa:

```
ogr2ogr vituo.gpkg dunga.pdf "Vituo"
```

Hapa mtafiti asishangae akipata duara ndogo yenye mzingo badala ya kitone. PDF haina dhana ya mji wala ya ufuko. Inajua tu kwamba mahali fulani kalamu ilizungushwa na wino ukajazwa. Kitovu cha duara hiyo ndicho kiwianishi kinachotafutwa.

5. Jina na mahali pa jina

Kwa wataalamu wa lugha, tabaka la majina ndilo lenye mvuto mkubwa, na ndilo pia lenye mitego mingi. Majina yakiwa maandishi halisi, yaweza kutolewa pamoja na mahali pake katika ukurasa kwa amri hii:

```
pdftotext -bbox dunga.pdf majina.html
```

Katika faili linalotoka, jina la Dunga laweza kuonekana hivi:

```
<word xMin="288.0" yMin="447.0"
      xMax="312.0" yMax="457.0">Dunga</word>
```

Mtego wa kwanza umo katika namba za `y`. Ukurasa wa PDF huhesabiwa kutoka chini, lakini amri hii huhesabu kutoka juu. Katikati ya jina ni 452 kutoka juu. Ukurasa una kimo cha pointi 842, kwa hiyo kutoka chini ni 842 kutoa 452, yaani 390. Mtu akisahau kugeuza na kuitumia 452 kama ilivyo, atapata latitudo ya -0.1347, na Dunga itakuwa imesogea kaskazini kwa zaidi ya kilomita moja. Kosa hili ni la hila, kwa sababu jina bado linaangukia karibu na Kisumu na halimshtui mtu. Dalili yake ni kwamba majina ya juu ya ramani yamekwenda chini na ya chini yamekwenda juu. Kwa hiyo jina moja halitoshi kwa uhakiki. Hujaribiwa mawili, moja karibu na ukingo wa juu na moja karibu na ukingo wa chini.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba jina liko pale mahali palipo. Katikati ya neno Dunga ni pointi 300 kutoka kushoto, ilhali kitone kiko 282. Mchoraji aliliandika jina upande wa kulia wa kitone ili lisikifunike. Tofauti hiyo ya pointi 18 ni zaidi ya mita 330 ardhini. Jina la ghuba au la mto huenda likasogezwa mbali zaidi, mradi lipate nafasi ya kuandikwa. Kwa sababu hiyo, maandishi husomwa katika tabaka la majina, na viwianishi husomwa katika tabaka la vituo. Kisha viwili hivyo huunganishwa kwa ukaribu, na kila muungano huthibitishwa kwa macho.

Mtego wa tatu unahusu maandishi yenyewe. Jina la mto lililopindishwa kufuata mkondo mara nyingi huandikwa herufi moja moja, na chombo cha kusomea hulitoa likiwa vipande. Majina mengine yamegeuzwa kuwa michoro ya herufi: jicho linayasoma, lakini kompyuta haioni neno lolote. Ramani iliyopigwa picha kutoka karatasi haina maandishi kabisa. Katika hali hizi tatu inafaa kuyanakili majina kwa mkono, na kuyaandika kwa tahajia ileile iliyo katika ramani, hata kama mtafiti anaiona kuwa na kosa. Masahihisho huwekwa katika safu nyingine, ili isije ikafutika habari ya jinsi wachoraji wa wakati fulani walivyolisikia jina la Kijaluo.

6. Makosa ya viwianishi

Makosa yanayotokea viwianishi vinapohamishwa kutoka faili hadi programu yana sura zake, na mwenye kuzijua hutambua chanzo kwa kutazama mahali kitone kilipoangukia.

Kosa la kwanza ni kupindua mfuatano. Maelezo ya `GPTS` hutanguliza latitudo, lakini programu nyingi za ramani husubiri longitudo kwanza. Jozi ya Dunga ikiingizwa kinyume, kitone huruka hadi latitudo 34.737 kaskazini na longitudo 0.145 magharibi, ambako ni Aljeria. Kosa kubwa kama hili halina hatari, kwa kuwa kila mtu huliona.

Kosa la pili ni kuacha alama ya kutoa. Hili ndilo la kuogopwa katika nchi inayopitiwa na ikweta. Dunga ikiandikwa 0.145 badala ya -0.145, inasogea kaskazini kwa kilomita 32 na kuangukia kaskazini ya Mbale, kati ya Vihiga na Kakamega. Kitone kiko Kenya, kiko Magharibi ya Kenya, na longitudo yake ni sahihi. Lakini mvuvi msemaji wa Dholuo amewekwa miongoni mwa wakulima wasemao Luluyia. Katika ramani ya msamiati, neno lake litaonekana kama neno la mkopo lililoingia ndani ya nchi ya Kibantu, na huenda mtafiti akajenga hoja nzima juu ya mkopo usiokuwapo. Mahali palipo karibu na ikweta, kila kituo kinachoangukia upande wa pili wa mstari huo hakina budi kukaguliwa.

Kosa la tatu hutokea katika mfumo wa UTM. Kisumu imo katika ukanda wa 36. Kusini ya ikweta, mfumo huu hujumlisha mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Hivyo Dunga ni mita 693,300 mashariki na 9,984,000 kaskazini kwa makadirio. Mtu akichagua ukanda wa 36 wa kaskazini (`EPSG:32636`) badala ya ule wa kusini (`EPSG:32736`), Dunga huhamia kwenye barafu karibu na Ncha ya Kaskazini.

Kosa la nne ni dogo kwa kipimo lakini hudumu muda mrefu kabla ya kugunduliwa. Ramani za kale za Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilijengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, wakati vifaa vya kupokea ishara za setilaiti hutumia msingi wa WGS 84. Misingi hii miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia na kitovu chake. Namba za Arc 1960 zikisomwa kana kwamba ni za WGS 84, katika eneo la Kisumu kila kitu husogea kiasi cha mita 300 kaskazini na karibu mita 90 magharibi. Bara, tofauti hiyo yaweza kupita bila kuonekana. Ufukoni, yaweza kukiweka kituo cha wavuvi majini, au kijiji ndani ya mafunjo. Dalili yake ni kwamba vitu vyote vimesogea kwa kiasi kilekile na kuelekea upande uleule. Dawa yake si kuvisukuma kwa mkono, bali ni kuitangazia programu msingi sahihi, ambao kwa ukanda huu ni `EPSG:21036`, na kuiacha igeuze yenyewe.

Lakini si kila kituo kilichoangukia majini kimekosewa. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, yakafunika fuko nyingi za Kenya. Mstari wa ufuko katika tabaka la maji ni mstari wa mwaka ramani ilipochorwa. Kabla ya kusahihisha kiwianishi, mtafiti huulinganisha mwaka huo na mwaka wa mahojiano yake.

7. Mipaka ya usahihi na hitimisho

Programu hutoa viwianishi vyenye tarakimu nyingi baada ya nukta, na wingi huo hudanganya. Katika ramani ya mfano, ambayo kipimo chake ni karibu 1:52,600, mstari wenye unene wa robo milimita hufunika mita 13 za ardhi. Tarakimu nne baada ya nukta, ambazo ni sawa na mita 11, zinatosha; zaidi ya hapo ni tarakimu za mashine, si za ramani.

Kwa ajili ya kazi ya lugha, basi, kiwianishi kilichotolewa katika PDF hakikamiliki kwa namba mbili tu. Huandikwa pamoja na jina la faili na mwaka wa ramani, msingi wa upimaji uliotajwa ndani yake, na tabaka lililosomwa: kama ni kitone cha mahali au ni jina lililoandikwa kando yake. Mambo hayo matatu yakiwapo, msomaji wa baadaye akiona neno la Dunga limeangukia ng'ambo ya ikweta, ataweza kuamua kama amekutana na mkopo wa lugha au na alama ya kutoa iliyosahauliwa.